Kasha la Roboti Linavyopumua

Kasha la vifaa vya umeme vya kukaa nje huuzwa likiwa na alama kama IP65 au IP67. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili inahusu maji. Sita ya mwanzo maana yake vumbi haliingii kabisa. Saba ya mwisho maana yake kasha lilizamishwa kwenye kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia kwa kiasi cha kudhuru. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia alama hizo, IEC 60529, kina sharti ambalo muuzaji halitaji: maji ya jaribio yasipishane na kasha kwa zaidi ya nyuzi joto 5. Kasha linapojaribiwa halizamishwi likiwa la moto.

Sasa fikiria roboti ya magurudumu manne inayopita kati ya mistari ya mizabibu huko Dodoma, ikipiga picha za majani na kuhesabu vichala. Saa nane mchana, mwanzoni mwa Desemba, imeshinda juani na hewa ndani ya kasha lake imefika nyuzi 60. Wingu linatanda, mvua ya kwanza ya msimu inashuka, na baada ya dakika chache kasha lote limepoa hadi nyuzi 27. Hakuna maabara iliyolipitisha kasha hilo kwenye hali ya namna hiyo, na makasha mengi ya roboti huingiza maji saa kama hiyo, tena yakiwa na alama ya IP67 ubavuni.

Sababu yake ni hewa iliyofungiwa ndani. Hewa ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 27 bila kupata mahali pa kuongezewa, kani yake hupungua kwa karibu asilimia 10. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo asilimia 10 ya kani ya hewa ya huko ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 90 hivi. Kwenye mfuniko wa sentimita 40 kwa 30, hiyo ni sawa na kubebeshwa mzigo wa zaidi ya kilo 100. Wakati huohuo maji ya mvua yamejikusanya kwenye ukingo wa mfuniko, pale penye raba. Ukifunga chupa ya plastiki iliyoachwa juani kisha ukaiweka kwenye friji, inajikunja yenyewe. Kasha la chuma halijikunji, kwa hiyo linavuta. Huvuta kupitia sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, na kinachovutwa ni maji pamoja na vumbi lililoganda pale.

Fundi akikuta matone ndani, jambo la kwanza afanyalo ni kuongeza silikoni. Hili huzidisha tatizo, kwa sababu kasha linalobana zaidi linavuta kwa nguvu zaidi pale patakapoachia. Dawa ni kulipa kasha pua. Kuna vizibo vidogo vyenye utando wa plastiki ya jamii ya Tefloni, uliovutwa hadi ukawa na vitundu vidogo sana. Hewa hupita, lakini tone la maji halipiti kwa sababu utando wenyewe unalikataa, na vumbi halipiti kwa sababu vitundu ni vidogo mno. Kizibo hicho hufungwa kwenye tundu la sentimita moja hivi, kisha kani ya ndani na ya nje huwa sawa wakati wote. Kiweke ubavuni au chini ya kasha, mbali na tope la magurudumu. Kikiwa juu, maji yatakaa juu yake, na utando uliofunikwa na maji haupitishi hewa, kwa hiyo unarudi ulikoanzia.

Utando huo una mpaka wake, na watu wengi hawaujui. Maji ya matone hayapiti, ila mvuke unapita. Kwa hiyo vifuko vya jeli ya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, havisaidii kwa muda mrefu kwenye kasha lenye pua: vitavuta unyevu wa dunia nzima hadi vishibe, na baada ya hapo ni mzigo tu. Kwenye kasha la namna hii naona heri kupaka bodi za umeme vanishi maalumu ya kuzikinga na unyevu, ukiacha soketi na vitufe, na kuhakikisha kasha halipoi kuliko hewa ya nje. Kifaa kimoja kinachotumia wati 2 usiku kucha, hata kama ni redio tu, kinatosha kulifanya kasha dogo libaki na ujotojoto, na umande ukatafuta pengine pa kutua.

Silikoni nayo ina neno lake. Ile ya kawaida inayouzwa madukani kwa ajili ya vioo na matangi ya samaki hunuka siki inapokauka. Harufu hiyo ni asidi, na ndani ya kasha lililofungwa asidi hiyo hula shaba na miguu ya vifaa kwenye bodi. Baada ya wiki kadhaa nyaya zinageuka kijani na lawama inapewa mvua. Tafuta silikoni isiyotoa harufu ya siki, ile iliyoandikwa kuwa ni nyutro. Na kwenye mfuniko usitumie silikoni ya kupaka kabisa, maana mfuniko utafunguliwa. Hapo panataka gasketi ya raba ya sponji ambayo matundu yake ya ndani yamefungwa, yaani ukiikata na kuiminya ndani ya maji hainywi. Inatakiwa ibanwe hadi ipungue unene kwa robo au theluthi. Ikibanwa kidogo inavuja. Ikikandamizwa hadi mwisho hufa, ikabaki bapa hata baada ya kufunguliwa, na siku ya kuifunga tena haijazi nafasi. Skrubu zilizo mbalimbali sana huufanya mfuniko ujipinde katikati, kwa hiyo kwenye bati jembamba usizipishe zaidi ya sentimita 7 au 8.

Mpaka hapa tumelifunga kasha. Kwa kulifunga tumelinyima feni. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma, wanatoboa matundu, wanaweka feni na kipande cha sponji kuchuja vumbi. Kwenye vumbi jekundu la Dodoma sponji hiyo huziba upesi, feni inazunguka bila kuvuta hewa, na vumbi laini kuliko yote linakuwa limeshapita. Kinachotakiwa kutoka kwenye kasha ni joto, na joto lina uwezo wa kupita kwenye ukuta wa chuma bila hewa kuandamana nalo.

Tupige hesabu ya kasha letu. Ni la aluminiamu, urefu sentimita 40, upana 30, kimo 20. Tukiacha sehemu ya chini iliyolalia mwili wa roboti, ngozi inayotoa joto ni mita za mraba 0.4. Ndani kuna kompyuta ndogo inayotumia wati 15, viendeshi vya mota vinavyopoteza wati 12, na redio, vigeuza umeme na vidude vingine vinavyofikisha wati 13. Jumla ni wati 40. Kwa kasha la chuma lililopakwa rangi, mahali pasipo upepo, kila mita ya mraba hupitisha wati 5.5 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Gawanya 40 kwa 5.5, kisha kwa 0.4, upate nyuzi 18. Nje kukiwa na nyuzi 33, hewa ya ndani itatulia kwenye 51. Chipu ya kompyuta iliyotegemea kipoozi chake kidogo huwa juu ya hewa inayoizunguka kwa nyuzi 25 au 30, kwa hiyo iko karibu na 80. Na hapo kasha liko kivulini.

Jua la mchana ulio wazi hushusha kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Mfuniko wetu ni 0.12, hivyo unapokea wati 120, mara tatu ya joto linalotoka ndani. Ukiupaka rangi nyeusi utazinywa karibu zote. Sehemu ya joto hilo huondokea nje palepale bila kuingia, lakini bado kasha zima litapanda kwa nyuzi nyingine 25 au zaidi. Rangi nyeupe hunywa robo tu, na nyongeza inashuka hadi nyuzi 7. Watu huogopa kwamba nyeupe itazuia joto la ndani lisitoke. Haizuii: katika mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, rangi nyeupe ya kawaida hutoa joto karibu sawa na nyeusi. Kinachozuia ni aluminiamu tupu iliyosuguliwa ikang'aa. Hiyo inapendeza kwenye maonyesho na hushikilia joto lake. Kisha, juu ya rangi nyeupe, weka kibati cha kivuli kilichoinuliwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite kati, nayo ile nyongeza ya jua inakaribia kwisha. Kwa fedha inayotumika, hakuna kitu kinachopooza roboti ya nje kuliko kile kibati.

Bado tuna nyuzi 51 ndani na chipu inayokaribia 80. Hatua inayofuata ni kuiondolea hewa ya ndani kazi ya ubebaji. Hewa ni mbebaji mbovu wa joto, na humu imewekwa mara mbili: kutoka chipu hadi hewa ya ndani, kutoka hewa ya ndani hadi ukuta. Kompyuta igeuzwe ikae kifudifudi kwenye ukuta wa ubavuni, chipu ikiegemea kipande cha aluminiamu kilichokatwa kufuata kimo chake, na kati yao pedi laini ya kupitishia joto ya unene wa milimita moja au pungufu. Viendeshi vya mota vifungwe hivyohivyo. Nje, upande wa pili wa ukuta, fungwa mapezi ya aluminiamu yaliyosimama wima. Yakilala mlalo hukusanya tope, na hewa ya moto haipandi kati yake. Nafasi kati ya pezi na pezi iwe milimita 8 au 10, kidole kidogo au brashi ipite. Mapezi yaliyosongamana ya kompyuta za mezani hutegemea feni na huzibwa na mavumbi.

Hesabu mpya ni hii. Ukuta wenyewe, kwa wati zile 40, huwa juu ya hewa ya nje kwa nyuzi 9, yaani uko kwenye 42, na mapezi yatapunguza zaidi ingawa tusiyahesabu. Pedi na kipande cha chuma vinaongeza nyuzi kama 10 kwenye chipu. Chipu sasa iko 52 badala ya 80. Na kwa kuwa wati 27 hazipiti tena kwenye hewa ya ndani, hewa hiyo inashuka hadi 45 hivi. Hatujaongeza feni wala kutoboa tundu. Ukitaka, feni ndogo ya kukoroga hewa humo ndani inasaidia kuondoa vijiwe vya joto kwenye kona, lakini usidhani inalipooza kasha.

Betri isikae humo. Nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na hiyo ndiyo hewa tuliyoibakiza baada ya jasho lote hilo. Ipewe kasha lake chini ya tumbo la roboti, kwenye kivuli, lenye pua yake.

Na sasa macho. Vihisi ndivyo vinavyowafanya watu wakate madirisha kwenye kasha zuri walilokwisha kulifunga, na kila dirisha ni ukingo mwingine wa kuvuja. Ushauri wangu ni kutoa nje kila kihisi kinachoweza kuishi nje, na kuacha dirisha kwa kile kisichoweza.

Laida, kile kihisi kinachozungusha mwale wa leza kupima umbali, ndicho cha kwanza kutolewa. Kioo kisicho na mpako maalumu hurudisha asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso, na kina nyuso mbili. Mwale unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita nyuso nne na kupoteza kama asilimia 15 hata kioo kikiwa safi. Ule uliorudishwa haupotei kimya: unaingia kwenye jicho la laida kama kizuizi kilicho sentimita chache mbele, na roboti inasimama katikati ya shamba ikiogopa dirisha lake yenyewe. Kioo kilichopinda hupotosha na pembe. Nunua laida iliyozibwa kiwandani, ichomoze juu ya kasha, uzibe kitako chake tu kwa oringi. Hata hivyo matone na vumbi zito hewani vitaipa alama za uongo za karibu, na hilo hushughulikiwa na programu, kwa kupuuza alama moja moja zisizojirudia.

Kihisi cha sauti kina masharti yaleyale kwa sababu nyingine: mawimbi yake hayapiti kwenye dirisha la aina yoyote. Vile vya bei nafuu vyenye macho mawili ya wavu huingiza vumbi na kufa. Kuna vya jicho moja lililozibwa, sawa na vinavyofungwa kwenye bampa za magari. Hivyo hutokezwa kwenye tundu lenye raba. Kasoro yake ni kwamba havioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi. Antena ya setilaiti na ya redio hazioni chochote kupitia chuma, kwa hiyo zikae nje au chini ya kifuniko cha plastiki. Kamera ya joto nayo inawashangaza wengi: kioo cha kawaida kwake ni ukuta mweusi, haoni hata mtu aliyesimama mbele ya dirisha. Yenyewe hutaka dirisha la madini ya jamanium, ghali, la sivyo kamera iliyozibwa tangu kiwandani.

Kamera ya kawaida ndiyo inayostahili dirisha. Tumia kioo cha milimita 2 au 3 badala ya plastiki angavu, kwa kuwa atakayefuta vumbi la mchanga kwa kitambaa ataikwangua plastiki hiyo hadi iwe na ukungu wa kudumu. Lenzi iwe karibu na kioo iwezekanavyo, na nafasi kati yao izungushiwe pete ya sponji nyeusi, mwanga wa ndani ya kasha usiakisiwe ukaingia kwenye picha. Kamera za kupima kina zenye taa yake ya mwanga usioonekana zinahitaji kizuizi cha aina hiyo kati ya taa na kila jicho, la sivyo taa hupofusha macho yake kupitia kioo kimoja wanachoshirikiana. Kioo kikiinamishwa kidogo kutazama chini na kufunikwa na ukofia mfupi, matone hayatulii na jua la jioni haliingii moja kwa moja. Mara nyingi kioo ndicho sehemu ya baridi kuliko zote kwenye kasha, kwa hiyo ukungu wa ndani huanzia hapo. Ukiuona asubuhi, usikimbilie kupaka dawa ya kioo. Kagua kwanza kama pua imeziba na kama ile redio ya usiku iliwashwa.

Jinsi ya kulijaribu kasha: mwanzo sugua chaki ya rangi kwenye ukingo, funga, fungua, na uangalie alama iliyohamia kwenye gasketi. Mstari ukikatika, hapo ndipo panapovuja. Kisha tandika karatasi za chooni ndani, washa roboti ifanye kazi juani kwa saa moja hadi iwe ya moto kabisa, na uimwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 10 kutoka pande zote, hasa kwenye glendi za nyaya. Karatasi ikilowa, doa lake litaonyesha njia. Nyaya zote zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye glendi, tone lidondoke kabla ya kufika.

Joto nalo lisikisiwe kwa kugusa mfuniko. Kompyuta nyingi za namna hii hujipunguzia kasi zenyewe zikifika nyuzi 80 hadi 85, na roboti inaanza kuchelewa kuona bila kuzimika, hata watu wakailaumu programu. Kwenye Raspberry Pi amri mbili zinatosha:

```
vcgencmd measure_temp
vcgencmd get_throttled
```

Ya kwanza hutoa nyuzi za wakati huo. Ya pili hukumbuka yaliyotokea tangu mashine iwashwe: `0x0` ni salama, na `0xe0000` maana yake joto lilikwisha kuipunguzia kasi hata kama sasa imepoa. Ukiona `0x50000`, usikimbilie mapezi. Hapo umeme ulishuka chini ya kiwango, na kosa liko kwenye kigeuza umeme au waya mwembamba.

Njia hii yote ina kikomo. Kasha la ukubwa tuliohesabu huweza kutoa wati 40 au 60 kwa ngozi yake na mapezi. Roboti inayobeba kompyuta kubwa ya kuchambua video, yenye wati 150 na kuendelea, haitapoa hivyo kwenye jua la Dodoma. Hapo kasha hugawanywa vyumba viwili: kimoja kikavu kilichofungwa chenye bodi zote, na kingine kilicho wazi chenye mapezi na feni zilizotengenezwa kuvumilia maji, ukuta wa aluminiamu ukiwa kati yao. Chumba cha wazi kitaingia vumbi na mvua kama kawaida. Feni zake zitakufa kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo zifungwe kwa skrubu mahali ambapo fundi atazifikia bila kugusa mfuniko wa chumba kikavu.